Hisa za Afande Kidega

Mkutano wa mwaka wa kampuni ya Anyim Ber ulifanyika Nakawa, kwenye jengo la maduka ambalo ndilo mali yake pekee. Kampuni hiyo waliianzisha polisi wastaafu, wengi wao Waacholi, kwa akiba zao za miaka mingi ya utumishi. Afande Kidega alikuwa na hisa mia moja. Alivaa shati lililopigwa pasi na mkewe, akaegemea fimbo kwa mkono wa kushoto, kwa sababu kiharusi kilimdhoofisha upande wa kulia. Nilimsindikiza mimi, mpangaji wake wa Kyebando, niliyemaliza sheria na kupata kazi ya ukarani kwa wakili mmoja mjini.

Jafar, katibu wa kampuni, aliita majina ya wanahisa. Jina la Kidega halikuitwa.

"Jafar, umeniruka," mzee alisema.

Jafar alishusha miwani. "Afande, wewe uliuza. Kaa kama mgeni wetu, chai iko."

Watu wawili watatu walicheka. Kidega hakucheka. Alikaa mpaka mwisho, akanywa ile chai.

Mkutano ulipokwisha tuliomba kuona fomu ya uhamisho. Jafar aliitoa bila ubishi. Ilisema kwamba Kidega amezihamisha hisa zake zote kwa Kahambu, mama wa Kikongo anayeuza samaki Ggaba. Chini kulikuwa na sahihi yake, yenye herufi ya kwanza iliyopindwa mkia kama ndoana.

"Tulikuandikia barua ya kukujulisha," Jafar alijitetea. "Sanduku la posta la kambi ya polisi. Hukujibu, wakurugenzi wakaidhinisha, tukaandika jina la mama."

"Sanduku hilo niliacha tangu nistaafu."

"Sasa mimi ningejua vipi, afande?"

Nilimwambia Jafar pale pale kwamba kutojibu barua ambayo mtu hakuipata hakumwondolei mali yake. Fomu ya kughushi haihamishi chochote, hata wakurugenzi wote wakiigongea muhuri. Mwenye hisa hubaki mwenye hisa, na kampuni ikikataa kurudisha jina lake, Mahakama Kuu inaweza kuamuru daftari la wanahisa lisahihishwe. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa na hasira ya kumwona mtu aliyelinda mji huu miaka thelathini akiitwa mgeni kwenye jengo lake mwenyewe.

Kidega hakunisikiliza. Alikuwa akiitazama ile sahihi.

Kwenye teksi nilianza kupanga: kwanza barua kwa kampuni, wasikubali hisa zile ziuzwe tena na wazuie gawio; kisha polisi, waite mtaalamu wa miandiko.

"Kijana, iko na moto sana," aliniambia. "Ngoja kidogo."

Nikangoja wiki, halafu nyingine. Kila nikigonga mlangoni mzee alizungumzia mihogo. Mkewe, Mama Aciro, ndiye aliyenitolea siri akianika nguo.

"Alipopangiwa kazi Karamoja," alisema, "alifundisha Atoo kuandika sahihi yake. Ripoti za shule, mgao wa kambi, yote msichana anatia sahihi ya baba. Kambini kila nyumba ilifanya hivyo, baba yuko mbali. Mzee ameitambua. Anaogopa kuuliza."

Atoo ni binti yao wa pekee, mshonaji mwenye cherehani mbili pale Kyebando. Ndiye aliyemlisha baba yake uji kwa kijiko miezi yote ya ugonjwa. Basi nikaelewa ukimya ule. Lakini jioni nilimfuata mzee kibarazani nikamwambia ukweli ambao hakutaka.

"Afande, mpaka siku ya mkutano hukujua, na kutojua hakukudhuru. Sasa unajua. Ukinyamaza ili kumficha mtu, na wakurugenzi wakaendelea kumlipa yule mama wakiamini mambo ni sawa, kesho watasema uliwaacha kwa makusudi. Hapo haki yako inaweza kupotea kweli."

Akaita, "Atoo, kuja hapa."

Atoo alikuja na futi ya kupimia shingoni. Baba yake hakumzungusha.

"Ile kalamu ni wewe?"

"Ni mimi, Baba."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa umelala, huwezi kusema neno. Daktari alitaka vipimo, halafu dawa ambazo hospitali haikuwa nazo. Nilitafuta pesa kila mahali. Nikaandika kama ulivyonifundisha."

"Na ulipopona? Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unalia hata kwaya ikipita barabarani. Ningekuambia siku gani?"

Ningetaka kusema mengi. Kwamba mgonjwa asiyejiweza, familia yake inaweza kuiomba mahakama imteue mtu wa kusimamia mali yake. Lakini ni nani aliyepata kumwambia hivyo binti wa kambini, kwenye korido ya hospitali? Nchi inayoficha njia halali mbali na watu wake haina haki ya kushangaa wakipita pengine. Hilo naliamini mpaka leo.

Kidega alinyoosha mkono wa kushoto, akaishika ile futi shingoni mwa binti yake, akamvuta taratibu mpaka akaketi karibu naye.

"Umeniponya kwa jina langu," alisema. "Lakini jina nalitaka. Tutaenda Nakawa, na utasema wewe mwenyewe."

Tukaenda. Atoo alikuwa ameapa mbele ya kamishna wa viapo, akieleza yote. Kahambu alikuja na hati ya hisa ndani ya mfuko wa nailoni, amekasirika.

"Miye sikuiba," alisema. "Huyu dada aliniambia baba ametuma. Nililipa. Sasa miye ndiye mwizi?"

"Si mwizi, mama," Jafar alimwambia. "Ila fomu uliileta wewe. Ilikuwa ya uongo, haikukupa kitu. Kampuni ikipata hasara kwa kuifuata, inaweza hata kukudai wewe. Pesa yako unamdai aliyekuuzia."

Kahambu alimgeukia Atoo. Atoo aliinamisha kichwa.

"Jafar, usimtishe mama," Kidega alisema. "Andika jina langu kwanza."

Kwa kuwa hakuna aliyepinga, hatukuhitaji kwenda mahakamani. Wakurugenzi walipitisha azimio, hati ya Kahambu ikafutwa, na Kidega akaandikwa tena kuwa mwenye hisa mia, kana kwamba hakuwahi kutoka. Alimwomba Jafar alisome jina. Jafar akalisoma. Akamwomba tena.

Kisha akasema, "Lete fomu mpya ya uhamisho."

Nilimkumbusha halazimiki. Hisa ni zake, sheria iko upande wake.

"Najua. Ndiyo maana naweza kuuza," alijibu. "Pesa ya mama huyu iko ndani ya mwili wangu. Mama, chukua tisini. Kumi niachie, nipate kuja mkutanoni."

Kahambu alitikisa kichwa. "Baki nazo ishirini, mzee. Kumi ni aibu kwa mtu mkubwa."

"Ishirini, sawa. Na gawio ulilokwisha kula?" Kidega aliuliza.

"Nilikula na watoto, mzee. Utawatapisha?"

Kidega alicheka, cheko la kwanza tangu mkutano ule. Wakakubaliana gawio lile lisidaiwe. Jafar alikumbusha kwamba fomu lazima ilipiwe ushuru wa stempu kabla hajaisajili. Kahambu akasema atalipa yeye.

Mzee alishika kalamu kwa mkono wa kushoto. Atoo aliinuka kumsaidia, akajizuia, akakandamiza tu kona ya karatasi isiteleze. Sahihi ilitoka imepinda, haifanani kabisa na ile ya zamani. Jafar aliiangalia, akamwangalia mzee.

"Hii ndiyo ya kweli?"

"Hii ndiyo," Kidega alisema. "Izoee."