Wimbo Ulioondolewa Wiki ya Harusi

Mama Pacha aliposikia kwamba mtalaka wake, mpiga gitaa, ataingia ukumbini na mke mpya kwa wimbo ambao yeye Mama Pacha ndiye aliyeutunga na kuuimba, mwanamume akiupigia gitaa enzi za ndoa yao, hakutoa hata chozi. Alifungua kompyuta, akaingia kwenye akaunti ya msambazaji wa nyimbo mtandaoni iliyokuwa kwa jina lake, akabonyeza "Ondoa".

Siku ya tatu wimbo ulikuwa umetoweka mtandaoni. Kwenye orodha za wasikilizaji jina la wimbo lilibaki la kijivu, ukiligusa hausikii kitu. Hata nakala ambayo mpiga gitaa aliihifadhi ndani ya programu ya muziki iligoma mara simu iliposhika mtandao. Takwimu za zamani za wasikilizaji zilibaki kwenye akaunti, na Mama Pacha alizitazama kama mtu anayetazama kaburi la adui.

Mpiga gitaa akapiga simu. "Mama Pacha, tafadhali, urudishe, hata kwa Jumamosi tu."

"Kuurudisha nako huchukua siku kadhaa. Mwambie DJ aje kwangu, nitampa faili kwenye flashi. Hiyo haiondolewi na kitufe."

"Mungu akubariki."

"Amina," akajibu kwa sauti ya asali.

Jumamosi maharusi wakaingia kwa madaha. Wimbo ulikuwa wenyewe, ila DJ hakujua kwamba amepewa rekodi ya kwanza ya studio, kabla mwisho wake haujakatwa. Gitaa liliponyamaza, sauti ya bwana harusi ikatoka kwenye spika na kujaa ukumbi mzima: "Mama Pacha, naapa, sitaoa mwingine."