Barua ya Kuomba Nipumzishwe Marejesho

Waliotufikisha pabaya mimi na mume wangu ni watatu, na wote wazima hapa Sumbawanga: mwenyekiti wa kikundi chetu cha mikopo, katibu wake, na afisa mikopo. Majina siwapi. Wenyewe wanajijua, na mtaa unawajua.

Mkopo ulikuwa laki sita. Kwenye fomu nilisema ni wa mbolea na mbegu ya maharage, shamba langu la Izia. Pamoja na riba nilitakiwa kurudisha elfu thelathini kila Jumanne, kwa wiki ishirini na nne. Hela hiyo niliipata kwa kuuza ulezi sokoni Milanzi. Kikundi tunadhaminiana, mmoja akikosa wenzake wanamchangia hapohapo kikaoni.

Wiki ileile ya mkopo mume wangu akapasuliwa tumbo, na laki mbili za mbolea zikaenda hospitali. Hata hivyo nililipa wiki kumi sikukosa. Halafu kidonda kikaoza, akarudishwa wodini, nikawa nalala naye huko. Meza ya ulezi ikafa.

Mwenyekiti akaniambia naweza kuomba kupumzishwa. Barua inaandikwa na katibu, yeye mwenyekiti anaisaini, afisa anaipeleka kwa meneja wa tawi. Kiswahili changu ni cha sokoni, hakifai kwa meneja. Nikamweleza katibu kwa Kifipa, yeye akawa anageuza na kuandika. Alikuwa amemaliza kidato cha nne.

Nilivyolelewa, ukimwendea mtu kuomba unamwaga yote, usimfiche kitu, ndipo naye anakuonea huruma. Nikamwaga yote. Nilipofika kwenye zile laki mbili, akaweka kalamu.

"Shangazi, hiyo niandike?"

"Andika. Ndiyo kweli."

"Haya. Wewe ndiye mwenye barua."

Alijua. Kwenye mkataba kuna mahali panasema ukipeleka hela kwingine tofauti na ulichoombea, wanaweza kudai deni lote kwa mkupuo. Yeye ndiye aliyetusomea mkataba siku ya kukopa, na hapo alipita mbio. Siku ya barua akanyamaza.

Mpango wangu aliuandika vizuri, hilo simnyimi. Wiki nane nilipe riba tu, elfu tano tano, mpaka maharage yatoke. Baada ya hapo narudi kwenye elfu thelathini, wiki kumi na nne zilizobaki, namaliza. Yaani wangepata chao chote na elfu arobaini juu.

Jumanne iliyofuata afisa akaja na barua ile mkononi. Alikuwa kijana wa umri wa mwanangu. Hakuniita pembeni, aliisoma mbele ya akina mama wote. Kwenye kidonda alisoma taratibu, kwenye wodi akatabasamu.

"Kumbe mbolea mliipaka mzee tumboni," akasema. "Ameota?"

Wakacheka, nao ni wenzangu niliowachangia wao walipokwama.

"Baba, naomba wiki nane tu," nikamwambia.

"Mama, meneja amekataa. Umevunja mkataba, tena umejiandikia mwenyewe. Deni lote leo, laki nne na ishirini. Akiba yako ya kikundini ni elfu sitini, tunaikata. Iliyobaki kikundi kitalipa."

"Kikundi hakilipii wodi ya mtu," mwenyekiti akasema. "Twendeni kwake."

Wakaenda siku hiyohiyo, na mimi nikiwa nyuma yao. Walitoa nguruwe wawili, sufuria, baiskeli. Mume wangu alikuwa amesharuhusiwa, amelala kwenye godoro. Mwenyekiti akamwamkia, "Shikamoo, kaka," akamwomba anyanyuke kidogo. Akanyanyuka ameshika ukuta, akawaambia, "Samahani, nawachelewesha." Wakatoa godoro, akalazwa kwenye gunia la ulezi, tupu.

Mali ile waliuziana wenyewe kwa bei ya kutupa. Ikabaki laki moja na nusu. Mwenyekiti akasema ananisaidia: anilipie, nimpe maharage yakiwa bado shambani, yana maua. Nilipiga hesabu ya magunia kichwani, nikaona ananinyang'anya. Afisa alikuwa amesimama mlangoni anaangalia saa. Nikakubali.

Mwezi wa tano mwenyekiti alihitaji watu wa kung'oa maharage, nami nyumbani hapakuwa na chakula. Nikaenda. Nilishika mstari wa kwanza, ule niliopanda mwenyewe. Yeye alikaa kwenye kanga pembeni akila muwa.

"Dada, ng'oa polepole," akanipigia kelele. "Maganda yanapasuka, unanitia hasara."

Jioni alinilipa elfu tatu. Wengine aliwapa elfu nne.