Bondi Iliyonifunga Mimi Peke Yangu

Mwaka niliomaliza chuo kikuu, miaka ya tisini ikianza, benki moja kubwa ilinichukua katika programu yake ya kufundisha mameneja. Nilikuwa nikiishi mtaa wa Migosi, Kisumu, na rafiki yangu tuliyesoma naye. Yeye alikuwa tayari kwenye programu kama hiyo, katika kampuni ya sukari nje ya mji. Jioni niliyoleta mkataba nyumbani, aliusoma akiwa amesimama jikoni, sufuria ya ugali ikimngoja.

"Miaka miwili ya mafunzo, unazungushwa idara zote," alisema. "Halafu bondi ya miaka mitatu. Ukitoka kabla haijaisha, unalipa gharama za mafunzo. Na wao wakikutoa je?"

"Benki haifukuzi watu ovyo."

"Sijauliza hivyo. Nauliza imeandikwa wapi. Kwetu hakuna bondi, lakini nimezunguka stoo, kiwandani, mauzo, na sasa nimerudishwa stoo. Vyeo vina wenyewe. Waliokutangulia hapo benki, wako wapi leo?"

Sikujua. Kesho yake nilikwenda kuuliza, na katika tawi la Kisumu nilionyeshwa kijana mmoja aliyeingia miaka mitatu kabla yangu. Aliniambia programu ni nzuri sana. Meneja wake alikuwa amesimama hapo hapo karibu nasi.

Bondi ilidai mdhamini mwenye mshahara. Mama, mjane, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Pap Onditi. Alikuja mjini amevaa nguo yake ya kanisani, akatia sahihi polepole kama anayeandika ubaoni, kisha akaniambia, "Nyathina, mwanangu, sasa umefika."

Nilianza na kozi Nairobi, kisha nikarudishwa Kisumu. Nikakaa kaunta ya fedha, nikahamia akaunti za akiba, nikaingia chumba cha hundi. Hapo ndipo mzunguko ulipokwama. Makarani wazoefu walikuwa wamestaafu mapema, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeajiriwa badala yao. Idara ya mikopo nilikaa wiki mbili tu, nikarudishwa kwenye hundi. Kila mtu pale alijua kwamba bila kupitia mikopo hupewi tawi la kuongoza, hata dogo kabisa.

Nilipomwuliza meneja, hakukasirika. Alivua miwani.

"Binti, nani atafanya hundi?"

"Lakini programu inasema miezi sita mikopo."

"Programu iliandikwa Nairobi," alisema. "Vumilia."

Kijana yule niliyemwuliza zamani alikuwa chumba hicho hicho, meza inayofuata. Tulipozoeana aliniambia, bila kuniangalia, "Ulitaka nikujibu nini mbele ya mzee?" Sikuweza kumchukia. Nilianza kuogopa kwamba ninamwona mtu nitakayekuwa.

Miaka miwili ilipoisha sikuthibitishwa. Walisema sijamaliza idara zote, kwa hiyo mafunzo yameongezwa, na bondi ingeanza kuhesabiwa nikithibitishwa. Wakati huo shirika moja la Homa Bay lilinitaka niwe ofisa wa mikopo ya wanawake wauza samaki. Ilikuwa kazi ile ile niliyonyimwa. Ofisi ya wafanyakazi ya benki ikanieleza kwa upole: nikitoka, nalipa gharama yote, nikishindwa, wanamfuata mdhamini.

Nilikwenda nyumbani Jumamosi kumweleza mama. Alikuwa akisahihisha madaftari mlangoni, mwanga ulipokuwa mzuri.

"Nitauza ng'ombe," alisema. "Na mshahara waukate. Nenda."

"Mama, umebakiza muda gani kabla ya kustaafu?"

Alivuta daftari jingine, akaendelea kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Jumatatu niliandikia Homa Bay kwamba siwezi. Wakampa mtu mwingine.

Haukupita mwaka, benki ikapunguza watu. Waliothibitishwa walipewa malipo ya miaka waliyotumika. Sisi tuliokuwa bado mafunzoni tulipewa mshahara wa mwezi mmoja, kama mkataba ulivyoruhusu. Meneja alinisomea barua mwenyewe, labda kwa huruma. Mwishoni ilisema kwamba benki imenisamehe bondi.

"Angalau hilo," alisema.

Nilimshukuru. Mpaka leo sielewi kwa nini nilimshukuru.

Rafiki yangu alinisaidia kufunga mizigo Migosi. Hakutaja lolote tulilozungumza jikoni. Alikunja mapazia tu, akaniuliza kama nitaacha jiko. Yeye naye bado alikuwa stoo.

Mama alinipokea kama mgeni, kwa samaki na chai ya maziwa. Majirani walipouliza, aliwaambia niko likizo. Likizo hiyo ikawa ndefu. Shule ya upili ya jirani ikanipa kufundisha hesabu za kidato cha pili, kama mwalimu asiye na mafunzo ya ualimu, mshahara ukilipwa na wazazi. Asubuhi tulitoka pamoja, mama na mimi, mpaka njia panda, yeye akaenda shuleni kwake na mimi kwangu.