Moyo Ukisimama, Uacheni

Wateja walimwita Mama Pindo, kwa kuwa pindo alilolishona yeye halikufumuka mpaka nguo yenyewe ichakae. Ujana na uzee wake vyote vilipita mbele ya cherehani, kwenye kibaraza cha duka la vifungo. Sasa moyo ulikuwa umechoka, miguu imevimba, na pumzi anaivuta kwa mrija wodini.

Daktari alifunga pazia, akavuta kiti. Alimweleza bila kuzunguka: moyo ukisimama wanaweza kumkandamiza kifua na kuupiga umeme, lakini kwa hali yake haikutarajiwa kufaa kitu, na mbavu zingeweza kuvunjika. Kisha akamwomba aseme mwenyewe alichoelewa.

"Kitambaa kikioza hushoni, mwanangu," Mama Pindo alimwambia. "Kila ukipitisha sindano unaongeza tundu. Ukisimama, uacheni. Ila dawa ya maumivu msininyime."

Daktari akayaandika maneno hayo hayo kwenye fomu ya kutofufua moyo, pale panapoulizwa kama mgonjwa anaelewa na anaweza kuamua. Akaandika pia kwamba ameruhusu mwanawe aelezwe.

Mwana alikuwa fundi baiskeli. Alikuja na grisi kwenye kucha. Kusikia mama yake asifufuliwe, alipandwa na hasira. Kufufua si kazi ya Mungu? Kumbe hapa wanaiweza, na wanamnyima mama yake! Daktari alimtuliza: oksijeni, dawa, chakula, vyote vitaendelea, kinachoachwa ni hicho kimoja tu, na mwenye kuamua ni mama. Kwamba mwana hakubali, nalo likaandikwa. Lakini jicho la mwana lilikuwa limenasa mstari wa mwisho wa fomu: tarehe ya mapitio, Ijumaa. Mapitio, basi mama atapita Ijumaa, aiage dunia. Aliona aibu kuuliza.

Ijumaa alifika amevaa suti, shuka jipya la sanda kwapani, macho mekundu. Mama yake alikuwa amekaa kitandani anakunywa chai.

"Mabega ya hiyo suti yamekukaa kombo," akamwambia. "Nani kafa?"

Alipojieleza, kwa kugugumia, nesi ilibidi aweke trei chini acheke. Mapitio, alimfafanulia, ni kuutazama upya uamuzi: hali ikibadilika, au mgonjwa akigeuza nia, unafutwa. Daktari akaja, akauliza tena, na mama akajibu vilevile. Safari hii mwana alikuwepo.

"Umenisikia, baba?"

Akaitikia kwa kichwa. Fomu ikapata tarehe nyingine.

Tarehe hiyo haikufika. Jioni moja, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwanawe, pumzi ilikatika. Mwana akaita. Nesi akaja kwa hatua za kawaida, akagusa shingo, akasubiri, akavuta pazia, akamwekea mwana mkono begani. Kitanda cha pili mtu aliendelea kukohoa. Mwana alijua ndivyo mama alivyotaka, na hata hivyo masikio yake yalisubiri mtu akimbie. Hakuna aliyekimbia.