Namba Iliyo Kwenye Cherehani ya Mama

Mama alinunua cherehani yake ya mkono Makambako, katika duka kubwa lililokuwa karibu na njia panda, miaka ile Waingereza walipokuwa bado wanatawala. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya wasichana ya misheni, Njombe. Yeye alikaa Kitandililo, na baada ya baba kufariki aliishi kwa kushona: sare za shule, magauni ya ubatizo, na mwaka ule kanzu za kwaya ya usharika. Kanzu zile ndizo zilizomfanya anunue mashine mpya.

Haikumaliza mwezi wa pili ikaanza kuruka mishono. Inashona vizuri kiasi cha shubiri moja, halafu inaacha nafasi, uzi unajikunja chini ya kitambaa kama kiota. Akabadilisha sindano, akatia mafuta, akabadilisha uzi. Hakuna kitu. Akajitwika mashine kichwani mpaka Makambako, asubuhi nzima ya kutembea. Mwenye duka akaipokea, akamwambia fundi wake ataitazama. Baada ya wiki mbili mama akaenda kuichukua, na ilipofika nyumbani ikawa mbaya kuliko mwanzo. Akairudisha. Safari hii akaambiwa ameiharibu mwenyewe kwa kushona kaki nzito, na dhamana haimhusu mtu aliyeharibu mashine. Alipokwenda mara ya tatu hakupewa hata nafasi ya kuishusha kichwani. Karani wa duka alimwambia asimame pembeni, anazuia wateja.

Hayo yote niliyasikia kwa dereva wa lori aliyeniletea bahasha ya mama shuleni. Ndani ya bahasha hapakuwa na barua. Palikuwa na picha mbili.

Mama alikuwa na risiti na kadi ya dhamana, lakini hakukubali zitoke mikononi mwake, hata kuja kwangu. Safari ya pili karani alikuwa ameiomba risiti “aitazame”, akaanza kuifungia kwenye droo, na mama akamshika mkono. Basi siku ya gulio akaenda kwa mpiga picha aliyekuwa na kamera ya sanduku yenye miguu mitatu. Yule bwana alikuwa na ubao mdogo mbele ya kioo cha kamera, ambao juu yake hubandika picha ya kwanza, ile inayogeuza nyeupe kuwa nyeusi, ili aipige tena ipate kuwa sawa. Mama alikuwa amemtazama akifanya hivyo kwa watu wengine. Akamwambia abandike risiti pale, halafu kadi.

Nilizisoma dirishani kwa kioo cha kukuzia cha darasa la elimu ya viumbe. Maandishi yalikuwa madogo lakini safi: tarehe, namba ya risiti, sahihi ya mwenye duka juu ya stempu, namba ya mashine. Kadi ilikuwa ya Kiingereza. Ilisema kasoro yoyote ya chuma au ya utengenezaji itarekebishwa bure kwa miezi kumi na miwili, isipokuwa sindano na vitu vinavyochakaa. Juu ya kaki haikusema neno. Chini kabisa palikuwa na anwani ya wakala wa watengenezaji, Dar es Salaam.

Yule mwenye duka alikuwa amemsomea mama yangu maneno ambayo hayakuandikwa.

Jumamosi nilipanda basi kwenda nyumbani. Nilitaka kuieleza kasoro sawasawa kabla ya kuandika barua, na nilitaka kuhakikisha namba. Mama aliniwekea mashine mezani, nikainamia kitako chake na kusoma namba iliyogongwa kwenye chuma. Nikaisoma tena. Nikamwomba mama anishikie picha ya risiti karibu.

Hazikuwa sawa. Namba ya mashine kwenye risiti na kwenye kadi ilikuwa moja. Ya kwenye chuma ilikuwa nyingine kabisa.

“Mama, hii siyo mashine uliyonunua.”

Alipitisha kidole juu ya ua la dhahabu lililochorwa ubavuni. Akasema aliona limefifia tangu iliporudi kwa fundi, akadhani ni mafuta ya taa waliyosafishia.

“Na hukusema?” Niliipandisha sauti kwa mama yangu, jambo nisilopenda kulikumbuka. “Umeona na hukusema?”

“Ningemwambia nani?” akanijibu. “Kusema nilikwenda kusema mara tatu.”

Nilitoka nje nikasimama kwenye baridi mpaka nikaweza kurudi ndani na kumwomba radhi.

Barua niliiandika Njombe, kwa Kiingereza, kwa taipureta ya ofisi ya shule, na karboni katikati. Rasimu ya kwanza niliichana kwa sababu ilikuwa matusi matupu. Ya pili ilikuwa na mambo tu: mashine ilinunuliwa tarehe hii, kwa risiti namba hii, iliruka mishono ndani ya miezi miwili, ilipelekwa dukani na kukaa wiki mbili, iliyorudishwa ina namba nyingine. Tunataka mashine yenye namba iliyo kwenye risiti, ikiwa imetengenezwa kwa mujibu wa dhamana, au nyingine mpya. Picha zimeambatanishwa, karatasi zenyewe anazo mnunuzi, na zitaonyeshwa zikihitajika. Niliomba jibu kwa maandishi. Picha nilipeleka zirudufiwe kwa mpiga picha wa Njombe, kisha nikatuma barua kwa posta ya rejista, moja dukani, nakala kwa wakala wa Dar es Salaam.

Duka halikujibu. Wakala alijibu baada ya wiki tatu: amemwagiza mwenye duka alimalize jambo hili, na kipuri kinakuja kwa posta. Muda mfupi baadaye mama akaitwa Makambako. Nilikwenda naye, tumebeba ile mashine isiyo yake.

Tulipewa viti. Hilo ndilo lililonichoma zaidi ya yote, vile viti. Mwenye duka alinisemesha kwa Kiingereza, akisema fundi alichanganya mashine mbili, bahati mbaya, fundi mwenyewe alishaondoka.

“Mnunuzi ni huyu,” nikamwambia kwa Kiswahili. “Zungumza naye.”

Akamgeukia mama, akayarudia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini. Mashine ikatolewa chumba cha nyuma, ua lake likiwa bado linang'aa. Nilisoma namba kwa sauti, mama akiwa ameshika risiti yake. Ilikuwa yenyewe. Karani akaleta karatasi ya kutia sahihi kwamba tumeridhika.

Mama aliisukuma pembeni. “Nitashona kwanza.”

Alitoa kipande cha kaki kwenye kikapu chake, kaki ile ile, akaanza kuzungusha mkono wa mashine palepale juu ya meza ya duka. Ikaruka. Wateja wakasogea kutazama. Fundi mpya akafungua kasha dogo lililotoka kwa wakala, akatoa chuma kinachobeba bobini, akakibadilisha na kurekebisha, mama akimsimamia kila parafujo. Akashona tena, mstari baada ya mstari, bila haraka, kipande kizima mpaka nafasi ikaisha. Mwenye duka alisimama akingoja. Kisha mama akaandika jina lake kwenye ile karatasi, herufi kubwa, akainuka.

Kanzu za kwaya zilikuwa zimeshapewa mshonaji mwingine, na hazikurudi kwake. Ile mashine ilishona miaka mingi. Lakini tulipokuwa tukirudi Kitandililo, tumeibeba kwa zamu, mama aliniuliza kama ile barua ilisema jambo ambalo yeye hakulisema pale dukani. Niliipitia barua kichwani mstari kwa mstari.

“Namba tu,” nikamwambia. “Mengine yote ulikuwa umeshayasema.”

Akaitwaa mashine kichwani pangu, ingawa zamu yake ilikuwa bado, akatangulia mbele.