Bi Rula na Ramani Iliyosinyaa

Watu wa ofisi ya mitihani walimwita Bi Rula, naye hakuona haja ya kulikataa jina ambalo alilifanyia kazi. Rula ya chuma ya sentimita thelathini ilikaa mfukoni mwa koti lake, na uzi mweupe ulizungushwa kwenye kipande cha kadi. Alifundisha hesabu darasani miaka kumi na tisa kabla ya kuingia katika chumba kile cha mwisho kwenye korido, chenye dirisha moja na meza mbili, ambako mitihani hutengenezwa upya kwa watahiniwa wenye uoni hafifu na wenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma maandishi.

Kazi yenyewe wengi huifahamu vibaya. Wanadhani ni kuwahurumia watoto. Bi Rula hakuwa na muda wa huruma. Kazi yake ilikuwa kuondoa kizuizi na kuacha kipimo mahali pake, na kati ya hivyo viwili hakuna nafasi ya kupitisha hata karatasi. Ukiondoa kidogo mno, mtoto amefeli kwa sababu ya macho yake. Ukizidisha, amepewa cheti cha bure.

Asubuhi hiyo binti yake, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa likizo, alimfungulia mlango akimwambia, "Mama, leo usigombane na mtu. Mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi."

"Mimi hugombana na nani?"

"Na kila mtu, mama. Kwa adabu tu."

Saa mbili na nusu alikuwa tayari amegombana, kwa adabu. Mtunzi wa maswali ya jiografia, mzee mwembamba aliyeyapenda maswali yake kama wajukuu, alikuja kuweka sahihi ya mwisho. Bahasha zilikwisha fungwa kwa lakiri tangu jana, na gari la kuzisambaza lingeondoka saa nne. Mtihani ulikuwa kesho yake. Mezani zilibaki nakala chache za akiba, na Mtunzi akaanza kuzipekua akiguna.

"Swali la tatu umelitafuna, dada yangu. Mimi niliandika sentensi moja, wewe umeweka nne."

"Sentensi yako ilikuwa na maneno hamsini na mbili, na 'si' mbili zinazopigana. Mtoto mwenye disleksia anafika mwisho ameshasahau mwanzo. Hebu niambie, unapima jiografia au unapima pumzi?"

"Napima jiografia."

"Basi iko pale pale. 'Eleza' ni 'eleza', sijaifanya 'taja'. 'Mmomonyoko' nimeuacha, kwa sababu ndio somo lako. Alama ni sita kama mwanzo."

Mzee hakukubali kushindwa. Akashika ramani ya wenye uoni hafifu, karatasi kubwa inayojitegemea, isiyobanwa na maswali. "Na hii? Kubwa hivi! Mtu akipima barabara hii, hata kukosea hawezi. Umewarahisishia."

Bi Rula akavuta kiti. Ramani ya kawaida ilikuwa na uwiano wa 1:50,000 na barabara ya sentimita nane. Yeye aliichora upya kwa ukubwa mara mbili, mistari minene, maandishi ya pointi kumi na nane, rangi za usuli zikiondolewa, na uwiano akaubadili kuwa 1:25,000. Barabara ikawa sentimita kumi na sita. Kazi ya mtahiniwa ni ile ile: upime kona kwa kona, ugeuze kwa uwiano, upate kilomita nne.

"Kaa uone," akasema. Akaulaza uzi juu ya barabara, akaufuata taratibu kwa kucha, akaubana, akaunyoosha kwenye rula.

Akarudia. Akarudia tena.

"Vipi?" Mtunzi akauliza.

"Kumi na nne nukta tisa."

Hesabu haikuhitaji kalamu. Kilomita tatu nukta saba. Mwongozo wa kusahihisha ulipokea kuanzia tatu nukta tisa hadi nne nukta moja. Mtoto anayepima sawasawa angepata sifuri, na anayekosea angeweza kupata alama.

Akachukua nakala ya pili: kumi na sita kamili. Ya tatu: kumi na nne nukta tisa. Akatoka mbio hadi chumba cha uchapaji, na mchapaji akamjibu huku akifuta mikono: "Tulitumia mashine mbili, Bi Rula, tuwahi. Hii ya pili huwa inabana picha ili ienee kwenye ukurasa. Lakini wewe si uliweka sahihi?"

Aliweka. Alipima karatasi moja, ya mashine ya kwanza, akaridhika. Fundi wa kupima alisahau kwamba karatasi zina wazazi wawili.

Mkuu wa kitengo alisikiliza akiwa amesimama. Ramani mia mbili na kumi na mbili, zimechanganyika, ziko ndani ya lakiri.

"Rekebisha mwongozo. Wapokee majibu yote mawili."

"Ramani hairudi na karatasi ya majibu. Msahihishaji atajuaje mtoto alikuwa na ipi? Na aliyepima vibaya je?"

"Basi wasimamizi wawasomee: barabara ni sentimita kumi na sita. Wageuze tu."

Bi Rula alitaka kukubali. Lilikuwa jambo dogo, la simu moja, na jina lake lingebaki safi. Kabla hajafungua mdomo, Mtunzi, aliyekuwa amemfuata hadi humo, akaingilia, sauti kali: "Hapo umeua swali langu, bwana mkubwa. Wengine wapime, hawa wapewe?"

"Anasema kweli," Bi Rula akasema, na ilimuuma kukubaliana naye. "Kesho kutwa mtu atawaambia cheti chao ni cha huruma, na hatutakuwa na jibu. Tuchape upya ramani peke yake. Maswali hayana kasoro."

"Kufungua lakiri ni ripoti. Ripoti inauliza nani aliidhinisha."

"Andika jina langu."

"Mkataba wako uko mezani kwangu, Bi Rula."

"Nimeuona. Nipe mashine moja, mlinzi mmoja wa kushuhudia, na gari lisubiri mpaka saa sita."

"Saa tano na nusu."

"Saa sita, na ripoti naiandika mwenyewe, usipoteze muda wako."

Mkuu akatazama saa ya ukutani. "Saa sita. Ikipita dakika tano, utazibeba kichwani."

Mashine ya kwanza ilitema karatasi moja moja kama bahili anayehesabu sadaka. Kupima kila moja kwa uzi kusingewezekana. Bi Rula akabandika ramani sahihi kwenye kioo cha dirisha, jua likiipiga kwa nyuma, na kila iliyochapwa akailaza juu yake: pembe nne za mchoro zikilingana, inapita. Mtunzi, aliyekuja kuweka sahihi tu, alijikuta akimpokeza karatasi, kola imelowa jasho. Mlinzi alivunja lakiri, akahesabu, akafunga tena. Karatasi ya mia na arobaini ilipinda. Wakaitupa kwenye sanduku la karatasi za kuchomwa.

Gari lilitoka saa sita na dakika nne.

Alasiri Mkuu alimwita. Barua ya onyo kwa ajili ya faili, na mkataba wa mwaka mmoja, si mitatu kama awali. Bi Rula akasoma vyote viwili mpaka mwisho, akaweka kalamu chini.

"Onyo nalipokea. Kwenye mkataba ongeza sharti: ramani isifungwe kabla sijapima nakala kutoka kila mashine."

"Umepewa onyo, halafu unaweka masharti?"

"Mwaka mmoja ni mfupi. Sitaki niumalize kwa kosa lile lile."

Mkuu akaliandika kwa mkono wake pembeni, akaweka herufi za jina lake. Hapo ndipo Bi Rula alipotia sahihi.