Karim wa Kilibula Anaomba Konje

Mu Kilibula yote hakuna aliyebisha kwamba Karim alijua kuandika barua. Hata wale wasiompenda walimpelekea zao. Alikuwa na kalamu ya bluu kwa mambo ya furaha na nyeusi kwa mambo ya serikali, na kila barua yake, hata ya kuomba jirani aondoe mbuzi, ilianza hivi: "Nina heshima kubwa ya kuja mbele ya haki yako tukufu." Darasa aliliacha kati, lakini heshima hiyo hakuiacha kamwe.

Kwa kazi alikuwa mtunza depo ya simenti karibu na njia ya Kalundu. Ufunguo wa depo ulikaa mu mfuko wake, na kwa namna alivyoutembeza ungedhani ni ufunguo wa mji.

Basi Jumamosi moja ufunguo ule ulikwenda kwa mshona nguo. Binti yake Sumaya, aliyelelewa na bibi yake kule Baraka, alikuwa anaolewa, na Karim alitaka kanzu ambayo haijapata kuonekana upande huu wa ziwa. Mshonaji akampima, akampima upya, maana Karim alikuwa anavuta tumbo ndani. Wakati huo lori likafika na kukuta kufuli. Shofea hakuwa mtu wa kungoja. Alishusha mifuko pale nje, akaenda zake. Mvua ikaja nyuma yake. Simenti ikageuka mawe yenye umbo la mfuko.

Jumatatu Karim akapewa karatasi ile wafanyakazi wote wanaiogopa, demandi: ueleze kwa maandishi kwa nini depo ilifungwa. Siku ya kujibu ilikuwa kesho yake. Na ndoa ilikuwa mwisho wa juma lile lile. Baba ndiye anayemtoa binti yake. Anaweza kumpa mwingine neno hilo amsemee, ndiyo, lakini mwingine huyo alikuwa shemeji yake Amisi, na Karim aliona heri ameze ufunguo.

"Nitaandika barua moja," alimwambia mke wake Zaina jioni, akivua kofia kama daktari anayeingia kupasua mtu. "Moja tu. Itaomba konje, zile siku za ruhusa, itajibu demandi, na itawaliza."

"Itawaliza nani?"

"Ofisi yote."

Akaandika kurasa tatu. Alimwita Mungu mara nyingi. Alisema kosa lake lilitoka kwa mapenzi ya baba, na kwamba yale mapenzi yaliyomtoa depo Jumamosi ndiyo yanayomtoa tena wiki hii. Alimtaja shofea kama mtu asiye na dini. Alieleza kola ya kanzu. Mwisho kabisa, chini ya salamu, ndipo akaomba konje, bila kusema ya lini.

Kwa bahati, asubuhi alishindwa kujizuia. Barua nzuri inataka msikilizaji. Akamsomea Ndayisenga, delege, yaani msemaji wa wafanyakazi, mtu wa Bwegera mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto Ruzizi. Ndayisenga alisikiliza akila ndizi. Alipomaliza ndizi alitupa ganda.

"Karim, weye iko unaomba konje ao iko unaomba wakufukuze?"

"Hujui barua, bwana. Hii iko na moyo."

"Iko na moyo, iko na kamba pia. Umesema mwenyewe ulitoka depo, na utatoka tena kwa sababu ile ile! Mkubwa wetu Mama Pudentienne atasoma hapo tu, kwingine hatasoma."

"Minye nimejieleza tu."

"Kujieleza ni kwa demandi. Hiyo iko na karatasi yake. Konje nayo iko na karatasi yake. Unazichanganya kama mboga ya sombe na sukari. Kila neno unaweka mu barua ya konje, siku ya kukuuliza watalitoa, watakusomea."

Karim akakunja kurasa zake polepole, kama mtu anayemfunika mgonjwa. "Basi sitaitaja demandi hata kidogo."

"Ukikaa kimya watasema unakimbia. Utaitaja kwa sentensi moja."

"Moja?"

"Moja! Na usilie ndani yake."

Wakakaa nyuma ya ofisi, juu ya mifuko iliyokwisha kuwa mawe. Kwanza jibu la demandi: ni kweli nilitoka wakati wa kazi, sikumwambia mtu, ufunguo nilikwenda nao, nakubali. Hakuna shofea, hakuna kola. Karim alitia sahihi uso ukiwa kama wa mtu anayemeza kwinini. Wakaipeleka, wakagongewa muhuri kwenye nakala, nakala ikabaki mikononi mwa Karim.

Kisha konje. Ndayisenga akamkumbusha kwamba harusi ya mtoto iko na siku yake mu sheria, moja, na zingine atazitoa mu konje yake ya mwaka. Atie siku ya kuondoka na ya kurudi. Atie nani anabaki na ufunguo. Mara tatu Karim alijaribu kuingiza "haki yako tukufu", mara tatu Ndayisenga akamnyang'anya kalamu. Ikabaki hivi:

"Naomba siku moja ya harusi ya binti yangu Sumaya, na siku tatu za konje yangu ya mwaka, toka Ijumaa, nitarudi kazini Jumatano. Achille, mwenzangu wa kazi, atashika ufunguo na amekubali. Najua demandi yangu haijamalizika. Jibu langu nimekwisha kulileta, na mkiniita nitakuja, namba yangu ni ile ile. Sitaondoka kabla ya kupata jibu lenu."

"Inaonekana uchi," Karim akalalamika.

"Iache hivyo hivyo. Peleka."

Mama Pudentienne, mkuu wa wafanyakazi, alikuwa amekwisha kuweka miwani tayari na kujimiminia kikombe kizima cha chai. Barua za Karim alizijua. Akasoma hii, akageuza nyuma ya karatasi, akatazama chini ya meza.

"Zingine ziko wapi?"

"Njo hiyo yote, mama."

"Uko mugonjwa?"

"Niko muzima, mama."

Akasoma upya. Alikuwa amejiandaa kukataa. Sababu alikuwa nayo mdomoni, kwamba mtu mwenye shauri hatoki nje ya mji mpaka asikilizwe. Lakini karatasi ilikuwa imesema mwenyewe atakuja akiitwa, na ufunguo ulikuwa na mtu.

"Konje haifuti demandi, papa Sumaya."

"Najua, mama."

"Utasikilizwa Jumatano, asubuhi, siku ile unarudi. Ukichelewa, nitahesabu umeacha kazi."

"Nitakuja."

Akatia sahihi. Karim alifungua mdomo kumshukuru kwa namna anavyojua yeye, na Ndayisenga, aliyekuwa mlangoni, akakohoa kama lori linalokataa kuwaka. Karim akafunga mdomo.

Kule Baraka watu wa ukoo walikaa chini vizuri, maana walijua Karim akipewa neno pilau itapoa. Amisi alishaegemea ukuta. Shehe akamgeukia. Kanzu yake ilikuwa kweli haijapata kuonekana. Karim akainuka, akavuta pumzi:

"Nina heshima kubwa ya kuja mbele ya..."

Zaina akamtazama toka ng'ambo ya chumba. Sumaya naye akainua ushungi kidogo.

"Namtoa binti yangu Sumaya," akasema Karim. Akakaa.

Jumatano alikuwa mlangoni kabla ya Mama Pudentienne. Wakamsikiliza, wakampa karipio la maandishi, na kazi ikabaki. Jioni alitafuta kalamu ya bluu ili awaandikie asante ya kurasa chache.

Zaina alikuwa amekwisha kuificha.